Moshi wa Viwanda: Kibali au Kodi?

Katika miaka ya karibuni maneno "biashara ya hewa ya ukaa" yamezoeleka sana masikioni mwa wananchi. Tangu Serikali yetu ilipotunga kanuni za biashara hiyo mwaka 2022, viko vijiji vilivyopokea fedha kwa kuhifadhi misitu yao, na wengi wamedhani kwamba jambo lote ni hilo. Lakini fedha iingiayo kijijini ni mkia tu wa mnyama. Mnyama mwenyewe yuko mbali, katika nchi zenye viwanda vingi, ambako kwa zaidi ya miaka 30 pamekuwa na mabishano juu ya njia ifaayo kuwazuia wenye mitambo wasimwage moshi hewani wapendavyo. Wako wasemao kwamba watozwe kodi kwa kila tani ya hewa ya ukaa. Wako wengine wasemao kwamba wapewe vibali vyenye hesabu, kisha wauziane wenyewe kwa wenyewe. Sisi twaona kwamba mfanyakazi hana budi kuyafahamu mabishano haya, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo mabwana wa masoko hawapendi kulitamka: fedha izaliwayo na kizuizi hicho huingia mfukoni mwa nani?

Na tueleze kwanza njia zenyewe. Fikra ya kodi ni kongwe. Ilielezwa na mwanauchumi wa Kiingereza, Arthur Pigou, katika kitabu chake cha mwaka 1920. Alisema kwamba mwenye kiwanda anayewadhuru wengine kwa moshi hulipa makaa na mishahara, lakini halipi yale madhara. Basi Serikali imlipishe. Fikra ya vibali ni changa zaidi. Mmoja wa walioieneza ni John Dales wa Kanada, mwaka 1968. Yeye alisema: Serikali iweke kikomo cha uchafu wote unaoruhusiwa, ikigawe kikomo hicho katika vibali, na mwenye kutaka kuchafua zaidi amnunulie mwenziwe aliyepunguza. Kwa hiyo kodi huweka bei na kuuacha moshi ujipime wenyewe; kibali huweka kipimo cha moshi na kuiacha bei ipande na kushuka sokoni.

Mfano mdogo utatusaidia. Chukua viwanda viwili, kila kimoja kikitoa tani 100 kwa mwaka. Serikali yataka jumla ishuke kutoka tani 200 hadi 160. Kiwanda cha kwanza kina tanuri la kizamani lenye kupoteza joto, nacho chaweza kupunguza hadi tani 40 kwa gharama ya shilingi 10 kwa tani, kwa kuziba mianya tu. Cha pili kilikwisha kurekebishwa zamani, na hakiwezi kupunguza hata tani moja bila kutumia shilingi 50. Ikiwa Serikali itatoa amri kwamba kila kimoja kipunguze tani 20, cha kwanza kitatumia shilingi 200 na cha pili 1,000, jumla 1,200.

Sasa tuseme kila kimoja kimepewa vibali 80. Kiwanda cha kwanza kitapunguza tani zote 40, kitabakiwa na vibali 20, na kuviuza kwa jirani yake, tuseme kwa shilingi 30 kila kimoja. Cha pili kitanunua na kuendelea kutoa tani 100 kama zamani. Moshi wote ni tani 160 kama ilivyotakiwa, na gharama ya kuupunguza imekuwa shilingi 400 badala ya 1,200. Hiyo ndiyo sifa ya vibali, nayo ni sifa ya kweli. Haifai kuibeza.

Lakini tazama kodi ya shilingi 30 kwa tani ingefanya nini. Kiwanda cha kwanza kingepunguza tani 40 zile zile, maana kutumia 10 ni nafuu kuliko kulipa 30. Cha pili kisingepunguza kitu, maana kulipa 30 ni nafuu kuliko kutumia 50. Moshi ni tani 160, gharama ya kupunguza ni shilingi 400, sawasawa na kwanza. Tofauti ni moja tu: Hazina ya wananchi imepokea shilingi 4,800, yaani tani 160 mara 30. Katika njia ya vibali vya bure Hazina haikupata hata senti moja. Thamani ile ya shilingi 4,800 haikupotea. Imekaa mikononi mwa wenye viwanda, katika sura ya karatasi walizopewa. Kama Serikali ingeviuza vibali hivyo kwa mnada badala ya kuvigawa, ingepata 4,800 zile zile. Kwa hiyo, jina la njia halina uzito mkubwa kama hili la nani anapewa kitu gani bure.

Huenda msomaji akauliza: kama kibali kilitolewa bure, je, si nafuu kwa mnunuzi, maana bidhaa hazitapanda bei? La hasha. Mkulima aliyevuna mahindi ya shamba lake hamwuzii mtu kwa bei ya chini ati kwa sababu yeye hakuyanunua. Huuza kwa bei ya soko. Na mwenye mtambo wa umeme hufikiri vivyo hivyo. Kila kibali anachokitumia ni kibali ambacho angeweza kukiuza, basi hukitia thamani yake katika bei ya umeme, ingawa yeye mwenyewe hakukitolea kitu. Mnunuzi hulipa kana kwamba kodi imetozwa, lakini Serikali haina kodi ya kumrudishia.

Haya hatukuyabuni. Ndiyo yaliyotukia Ulaya. Mwaka 1992 wakuu wa Jumuiya ya Ulaya walipendekeza kodi ya nishati na hewa ya ukaa kwa nchi zote wanachama. Mambo ya kodi huko yalitaka kila nchi ikubali, na nchi moja yaweza kuyazuia, pendekezo likafa. Vibali havikuhesabiwa kuwa kodi, na vilipita kwa kura za wengi. Sheria yake ikatungwa mwaka 2003, na soko likafunguliwa tarehe 1 Januari 2005, likihusu mitambo ya umeme, viwanda vya chuma, saruji, karatasi, vioo na vinginevyo, zaidi ya 10,000 kwa hesabu. Si kwamba vibali vilionekana bora katika mizani. Vilichaguliwa kwa sababu mlango wa kodi ulikuwa umefungwa.

Katika miaka mitatu ya mwanzo karibu vibali vyote viligawiwa bure. Makampuni ya umeme yakapandisha bei kama tulivyoeleza, yakavuna faida ambayo hayakuitolea jasho. Na jambo la pili likafuata. Idadi ya vibali ilikuwa imewekwa kwa kutegemea makisio ya moshi yaliyotoka kwa wenye viwanda wenyewe, na nani asiyejua jinsi mtu akisiavyo anapoambiwa kwamba atapewa kadiri ya mahitaji yake? Mwezi Aprili 2006 kibali cha tani moja kiliuzwa karibu euro 30. Ndipo hesabu za moshi halisi wa mwaka uliotangulia zikaanza kutangazwa, ikadhihirika kwamba vibali vilikuwa vingi kuliko moshi. Katika muda wa siku chache bei ikaanguka kwa nusu. Na kwa kuwa vibali vya kipindi hicho havikuruhusiwa kuwekwa akiba kwa kipindi kilichofuata, kufikia mwisho wa 2007 kibali hakikuwa na thamani ya kutajwa.

Kipindi cha pili kilikutana na mdodoro wa uchumi wa 2008 na 2009. Viwanda vikapunguza kazi, wafanyakazi wakaachishwa, na moshi ukapungua bila mtu kubadili hata boila moja. Lakini vibali vilikuwa vimekwisha kutolewa kwa hesabu ya siku za neema, navyo vikalundikana, mpaka kufikia 2013 ziada ikawa vibali bilioni 2 hivi. Mwezi Aprili mwaka huo, Bunge la Ulaya lilipokataa kuahirisha minada ya baadhi ya vibali, bei ilishuka chini ya euro 3.

Hapa ndipo yafaa tukae kidogo na kuitazama nchi ya Uingereza, maana huko njia zote mbili zilikutana juu ya mtambo mmoja, na matokeo yake yaonekana wazi.

Mtambo wa makaa ya mawe hutoa takriban tani 0.9 ya hewa ya ukaa kwa kila umeme wa uniti 1,000. Mtambo mpya wa gesi hutoa takriban tani 0.4. Tofauti yao ni nusu tani. Kibali kikiuzwa euro 4, makaa yanaongezewa mzigo wa euro 2 tu kuliko gesi kwa uniti 1,000. Fedha hiyo ni ndogo mno kumshawishi mtu yeyote azime mtambo wa makaa na kuwasha wa gesi. Na kweli hawakuzima. Mwaka 2012 makaa yalikuwa yameshuka bei, na Uingereza, nchi iliyokuwa ndani ya soko la vibali kwa miaka saba, ikachoma makaa zaidi kuliko mwaka uliotangulia, hata yakatoa karibu asilimia 40 ya umeme wake. Kikomo cha Ulaya hakikuvunjwa hata kidogo. Kilikuwa kipana tu, kama shati la baba alilovaa mtoto.

Mwezi Aprili 2013 Serikali ya Uingereza ikaongeza kodi juu ya kibali kwa wote wachomao makaa na gesi kutengeneza umeme. Ilianza karibu pauni 5 kwa tani, ikapandishwa mwaka uliofuata, na tangu Aprili 2015 ikawa pauni 18. Piga hesabu: kwa uniti 1,000, makaa yalitozwa pauni 16 na gesi pauni 7. Tofauti ikawa pauni 9, mbali na bei ya kibali chenyewe, na tofauti hiyo ikatosha. Mwenye mtambo wa gesi akawa wa kwanza kuitwa kuwasha, na mwenye makaa akangoja usiku wa baridi kali. Mwaka 2016 sehemu ya makaa ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 10. Tarehe 21 Aprili 2017 nchi hiyo ilipitisha siku nzima bila umeme wa makaa, kwa mara ya kwanza tangu karne ya 19. Na tarehe 30 Septemba 2024 mtambo wa mwisho, ule wa Ratcliffe-on-Soar, ukazimwa.

Haitakuwa haki kuipa kodi sifa zote. Sheria za Ulaya juu ya salfa na vumbi zilikwisha kuwalazimisha baadhi ya wenye mitambo mikongwe kufunga ifikapo mwisho wa 2015, na mashine za upepo zilikuwa zikijengwa kwa wingi baharini. Hata hivyo, kasi ile ya mwaka mmoja au miwili, kutoka makaa kwenda gesi, haielezeki bila zile pauni 18.

Watetezi wa vibali wana jibu, nalo ni zito. Wasema kwamba vibali ambavyo Waingereza hawakuvitumia viliingia sokoni, na kampuni nyingine mahali pengine Ulaya ikavinunua na kuchoma makaa yake. Basi jumla ya moshi haikubadilika. Ni sawa na kukalia mto uliojaa maji: upande mmoja hushuka, wa pili huinuka. Kasoro hii ni ya kweli, na Ulaya yenyewe iliikiri kwa matendo. Tangu Januari 2019 kimewekwa chombo maalumu kinachoondoa vibali vya ziada sokoni, na tangu 2023 baadhi ya hivyo vilivyoondolewa vinafutwa kabisa. Bei ikapanda, na Februari 2023 ilivuka euro 100. Kwa hiyo soko la vibali laweza kutengenezwa likafanya kazi. Lakini lilihitaji zaidi ya miaka 13 ya kurekebishwa, na marekebisho yenyewe yalikuwa ya kuifanya Serikali iishike bei mkono isianguke, jambo ambalo kodi hulifanya siku ya kwanza.

Sisi wa gazeti la wafanyakazi hatuwezi kuipita habari ya Uingereza bila kuuliza juu ya watu. Mwezi Desemba 2015, mwaka ule ule kodi ilipofikia pauni 18, ulifungwa mgodi wa Kellingley huko Yorkshire, mgodi wa mwisho wa makaa ya chini sana ya ardhi katika nchi hiyo, na wachimbaji 450 hivi wakatoka shimoni kwa mara ya mwisho. Makaa ya bei rahisi kutoka ng'ambo yalikuwa yameudhoofisha mgodi huo kabla ya kodi. Kodi ikamaliza wateja waliobaki. Fedha ya kodi ile iliingia Hazina pamoja na kodi nyingine zote, wala haikutengwa kwa ajili ya watu wa Kellingley. Kodi hukusanya fedha. Kuigawa ni uamuzi mwingine, nao wataka kupiganiwa.

Wafaransa walilijua hilo mwaka 2018. Kodi yao ya hewa ya ukaa ilikuwa euro 44.60 kwa tani, na ilipangwa kupanda hadi 55 mwezi Januari 2019, ikilipwa kwenye petroli, dizeli na mafuta ya kupashia nyumba moto. Mwaka ule ule Serikali yao ilikuwa imeondoa kodi ya mali ya matajiri, ikabakiza ile ya majumba na ardhi. Mfanyakazi wa mashambani, aendeshaye gari kilometa nyingi kwenda kazini kwa sababu hakuna basi, akaona kwamba yeye anaongezewa na tajiri anapunguziwa. Wakavaa vizibao vya njano, wakafunga barabara, na mwezi Desemba ongezeko likafutwa. Wapo waliosema kwamba Wafaransa hawajali hali ya hewa. Sisi twaona kwamba walikuwa wamesoma bajeti vizuri.

Wala asidhani mtu kwamba kodi haiwezi kutobolewa matundu kama vibali. Afrika ya Kusini, nchi ambayo umeme wake mwingi ni wa makaa, ilianza kutoza kodi ya hewa ya ukaa tarehe 1 Juni 2019, randi 120 kwa tani. Lakini sheria ilisamehe asilimia 60 ya moshi kwa kila mlipaji, na kwa misamaha mingine iliyoongezwa juu yake, baadhi walifika asilimia 95. Hivyo kodi halisi ilikuwa kati ya randi 6 na 48. Msamaha wa asilimia 60 na kibali cha bure ni ndugu wa tumbo moja. Mtu akitaka kuipima sheria yoyote ya namna hii asitazame bei iliyoandikwa juu ya jalada. Aulize ni tani ngapi kati ya 100 zinazolipiwa kweli kweli, na kama fedha hiyo yatosha kubadili uamuzi wa mwenye mtambo, kama tulivyopima makaa na gesi.

Liko jambo moja zaidi lituelekezalo kwenye kodi, hasa kwa nchi zenye wakaguzi wachache. Kibali ni kitu kinachouzwa, na kila kinachouzwa chaweza kuibwa. Mwaka 2008 na 2009 walaghai walinunua vibali katika nchi moja ya Ulaya bila kodi ya ongezeko la thamani, wakaviuza katika nchi nyingine pamoja na kodi hiyo, kisha wakatoweka nayo. Polisi wa Ulaya walikisia hasara ya euro bilioni 5. Mwezi Januari 2011 wezi waliingia katika madaftari ya mitambo ya kompyuta, yakiwamo ya Cheki, wakahamisha vibali vya watu, na soko likasimamishwa. Kodi nayo hukwepwa, hilo twalijua sote, lakini haihitaji soko, madalali wala daftari la umiliki. Hata dohani haina haja ya kuwekewa kipimo, kwa kuwa hewa ya ukaa hutokana na fueli yenyewe: lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi, leo na kesho, katika lori au katika jenereta. Mwenye kuhesabu lita bandarini amekwisha kuuhesabu moshi.

Turudi basi kwenye vijiji vyetu tulivyovitaja mwanzo. Fedha wanayoipata si ya vibali vya namna tuliyoieleza, bali ni malipo ya mtu wa mbali anayetaka kuhesabiwa kazi ya msitu wetu badala ya kupunguza moshi wake. Bei ya malipo hayo hupanda na kushuka kwa matakwa ya wanunuzi, na kijiji hakina sauti ndani yake. Si dhambi kuipokea. Lakini moshi wa viwanda vyetu wenyewe ni shauri letu, na kama siku moja litaletwa pendekezo la kuuwekea kizuizi, twapenda liwe la kodi, lianzie kwa makaa ya mawe yachomwayo katika matanuri makubwa, liongezeke polepole kwa kiwango kilichotangazwa miaka kadhaa mbele ili wenye viwanda wapate kubadili mitambo bila kufukuza watu, na liyaache mafuta ya taa na dizeli ya mashine za kusaga mpaka hapo wananchi watakapokuwa na kitu kingine cha kutumia. Na ikiwa, kwa sababu yoyote, vibali ndivyo vitakavyochaguliwa, basi viuzwe kwa mnada kuanzia kile cha kwanza, kwa bei isiyoruhusiwa kushuka chini ya kiwango kilichowekwa na sheria.